Shajara ya mradi: TP niiweke wapi? Kutoka 1:3 mpaka 1:1.5 kwenye EURUSD

7 Januari 2024: naanza

Mradi wenyewe ni huu. Nina akaunti laivu ya dola 400, natredi EURUSD, yaani euro kwa dola, peke yake, na nina njia moja tu ya kuingia. Naangalia renji ambayo bei imecheza usiku wakati wa soko la Asia, London ikifungua nasubiri mshumaa wa dakika 15, M15, ufunge nje ya ile renji, naingia upande huohuo. SL, yaani pale tredi inapofungwa kwa hasara, ni pipsi 20 kila tredi, loti 0.02, kwa hiyo pipsi moja ni senti 20 na nikipigwa SL zinaondoka dola 4. Hivyo vyote nimeshavifunga na sivigusi tena, ninachotafuta ni kitu kimoja tu, TP, yaani pale tredi inapofungwa kwa faida, ikae wapi.

Kwa anayetaka kufuatisha, hesabu ya msingi ni moja. Ukishajua SL na TP unaweza kujua unatakiwa kushinda mara ngapi ili utoke bila faida wala hasara. Mimi naiita asilimia ya sare:

```
sare = SL / (SL + TP)
```

SL 20 na TP 20 inataka ushinde 50%. TP 40 inataka 33.3%. TP 60 inataka 25% tu. Ukirudi nyuma ukaweka TP pipsi 10, inataka 66.7%.

Naanza na TP ya 60, yaani 1:3. Sababu yangu ni ile wengi tunayopeana, kwamba kwenye 1:3 unaweza kukosea mara tatu kati ya nne na bado hujapoteza kitu, na mimi naamini kwamba sikosei kiasi hicho. Ishara zinakuja kama nne kwa wiki. London kwa saa zetu inafungua saa tano asubuhi, ila tarehe 31 Machi wenyewe wanasogeza saa zao mbele, kuanzia hapo itakuwa saa nne. Ukiwa unapima chati za nyuma kumbuka hilo, la sivyo nusu ya data yako itakuwa ya saa isiyo sahihi.

17 Machi 2024: tredi 40 za 1:3, matokeo

Nimemaliza tredi 40. Zilizofika TP ni 8, zilizopigwa SL ni 32. Hiyo ni 20% na nilihitaji 25%. Kwa pesa ni dola 96 zilizoingia na dola 128 zilizotoka, hasara dola 32, ongeza na dola 1.60 ya swopu kwa zile zilizolala usiku maana nilikuwa naziacha mpaka ziguse kimojawapo. Akaunti ina dola 366.40.

Kinachoniuma zaidi ya dola 32 ni kwamba nilikuwa naziona tredi zinakwenda. Nimepitia skrinshoti zote, tredi nyingi zilikwenda pipsi 25, 30, nyingine 45, zikageuka zikarudi mpaka SL. Njia ya kuingia haikuwa mbovu kihivyo, ila niliitaka inipe kitu ambacho soko lenyewe kwa siku nyingi halina. Nimeweka ATR ya siku (14), ule wastani wa umbali ambao bei inatembea kwa siku, kwenye chati na kipindi hiki imekuwa inacheza pipsi 50 hadi 60 kwa siku nzima. Sasa fikiria, usiku bei imeshatumia pipsi 20 au 25, mshumaa wa kuvunja renji umekula nyingine 8 mpaka 10, afu mimi naingia pale nadai 60 mbele. Ili nipate siku moja lazima iwe siku kubwa kuliko kawaida, na siku za namna hiyo hazizidi moja kwa wiki, wiki nyingine hakuna kabisa.

Kosa langu lilikuwa kuisoma ile 25% kama punguzo. Niliona nimepunguziwa kazi. Sikujiuliza hata mara moja kwamba njia yangu inafika pipsi 60 mara ngapi.

28 Aprili 2024: nageukia upande wa pili, demo tu

Baada ya kuumia na lengo la mbali nikaenda la karibu. TP pipsi 10, SL ileile 20, kwenye demo safari hii. Tredi 24, zimefika TP 15, SL 9.

Niseme ukweli, hizi wiki sita nimekuwa na amani. Karibu kila siku kuna kijani kwenye historia ya akaunti, kuna wakati nilishinda sita mfululizo. Nilikuwa tayari kuhamia laivu mpaka nilipojumlisha: pipsi 150 zimeingia, pipsi 180 zimetoka. 62.5% ya ushindi, na bado ni hasara ya pipsi 30, maana sare yake ni 66.7%. SL moja inafuta TP mbili, na SL tisa zinafuta kumi na nane.

Kwa hiyo nimejaribu pande zote mbili na zote zimeanguka chini kidogo ya sare yake. 20 dhidi ya 25, 62.5 dhidi ya 66.7. Sikupenda jinsi zilivyofanana, nikaona kuna kitu hapa sijakielewa, nikasimamisha kutredi kabisa mpaka nikielewe.

12 Mei 2024: kwa nini zote mbili zilianguka mlemle

Hii ndo sehemu iliyonichukua muda na ndo imebadilisha mradi mzima, so nitaenda taratibu.

Chukua mtu amesimama kwenye korido. Nyuma yake kuna ukuta hatua 20, mbele kuna ukuta hatua 60. Anarusha shilingi, kichwa hatua moja mbele, mwenge hatua moja nyuma, anaendelea hivyo mpaka aguse ukuta mmoja. Uwezekano wa kugusa wa mbele kwanza ni 20 gawanya kwa 80, yaani 25%. Sogeza ukuta wa mbele uje hatua 40, unakuwa 20 kwa 60, 33.3%. Ulete hatua 10, unakuwa 20 kwa 30, 66.7%.

Angalia hizo namba tena. Ni zilezile za sare! Mtu asiyejua chochote, anayeingia kwa shilingi, ukimsogezea TP popote pale asilimia yake ya kushinda inajisogeza yenyewe mpaka kwenye sare. Kuchagua 1:3 badala ya 1:1 hakumpi kitu na hakumnyang'anyi kitu. Uwiano peke yake hauna faida ndani yake.

Sasa weka spredi, yaani tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Broka wangu saa za London ananipa wastani wa pipsi 1.4. Ukifungua BUY unaingia kwa bei ya Ask lakini unatoka kwa Bid, kwa hiyo sekunde ileile umeshakuwa nyuma pipsi 1.4. Ukuta wa nyuma hauko tena hatua 20, uko 18.6, na wa mbele umekuwa 61.4. Uwezekano ni 18.6 kwa 80, 23.25%, wakati sare bado inadai 25. Kwa TP ya 10 ni 18.6 kwa 30, yaani 62%, na sare inadai 66.7. Demo yangu ilikuwa 62.5! Yaani zile wiki sita za amani, kwa hesabu, hazikutofautiana na kurusha shilingi.

Nimeandika programu fupi kuhakikisha, imekaa hapa ili na wewe uijaribu (vipimo ni pointi, kumi ni pipsi moja):

```
import random
SL, TP, spredi, n = 200, 600, 14, 2000
ushindi = 0
for i in range(n):
    x = -spredi
    while -SL < x < TP:
        x += random.choice([-2, 2])
    if x >= TP:
        ushindi += 1
print(ushindi / n)
```

Laptop yangu ni ya zamani ilichukua muda kidogo, mara ya kwanza ikatoa 0.234, nikarudia ikatoa 0.227. Ukibadilisha TP kuwa 100 inakuja karibu na 0.62. Na ukipiga hesabu ya hasara ya wastani, kwa TP yoyote utakayoweka ni pipsi 1.4 kwa tredi, ileile spredi, wala TP ya mbali haikuponyi.

Kwa hiyo swali limebadilika. Mwanzoni nilikuwa nauliza "sare ya uwiano huu ni ngapi", hilo linajibiwa na kalkuleta. Swali lenye faida ni njia yangu mimi inafika umbali fulani mara ngapi kabla ya SL, na ni kwenye umbali gani inaizidi sare kwa nafasi kubwa zaidi. Hilo kalkuleta hailijui, lazima nihesabu.

9 Juni 2024: kuhesabu tredi 120

Nimerudi nyuma kwenye chati kuanzia mwishoni mwa Septemba 2023 mpaka mwisho wa Aprili 2024, nikatoa ishara zote 120 bila kuruka hata moja, hata zile mbaya ambazo ukiziona sasa unasema hii nisingeingia. Kwa kila ishara naandika kitu kimoja kikubwa: bei ilikwenda umbali gani upande wangu kabla ya kugusa SL. Safu hiyo iko F kwenye shiti. Ikishajaa, kujua zilizofika TP fulani ni rahisi:

```
=COUNTIF(F2:F121,">=30")
```

Unabadilisha 30 tu. Huhitaji kutredi upya kwa kila TP unayoifikiria, umbali ukishauandika mara moja unajibu TP zote.

Makosa mawili nimeyafanya kabla haijakaa sawa. La kwanza, siku tatu za mwanzo nilikuwa naandika bei ilifika wapi siku nzima badala ya mpaka SL ilipoguswa. Kuna tredi ilipigwa SL saa saba mchana, jioni bei ikaenda pipsi 50 upande wangu, mimi nikaandika 50. Hiyo ni pesa ambayo nisingeiona kamwe. Ilibidi nirudie tredi 31.

La pili ni mshumaa unaogusa pote, juu na chini, ndani ya dakika 15 zilezile. M15 haikwambii kipi kilitangulia. Nashuka M1 naangalia, na pale ambapo hata M1 haisemi naandika kwamba SL ilitangulia. Zilikuwa nne tu, ila ukijipendelea kwenye nne, picha inabadilika.

Nimeamua pia kwamba tredi haitalala tena. Ikifika saa nne usiku haijagusa kitu naifunga ilipo. Hizo naziandika pembeni kwa pipsi zake halisi, siyo ushindi siyo hasara kamili. Hapa ile fomula ya sare inapoteza nguvu kidogo, maana yenyewe inajua matokeo mawili tu, so kwa TP za mbali naamini zaidi jumla ya pipsi kuliko asilimia.

23 Juni 2024: SELL zilinidanganya

Nilikuwa nimeshamaliza na nimeshafurahi. TP ya pipsi 30 ilikuwa imefika mara 57 kati ya 120. Jamaa yangu mmoja tunayetredi wote nikamtumia shiti, akanipigia simu akaniuliza, "Kaka, hizi SELL umepima kwa mstari gani?" Sikumwelewa. Akaniambia nifungue ile SELL ya Februari niliyoilalamikia.

Nilikuwa nimeisahau. Tredi laivu, bei ilishuka ikagusa TP yangu kwenye chati kabisa, naiona kwa macho, na oda haikufunga, ikageuka ikanipiga SL. Siku ile nilidhani ni broka. Kumbe chati ya MetaTrader 5 inachora Bid. SELL unaingia kwa Bid lakini unatoka kwa Ask, na Ask iko juu ya Bid kwa ile spredi. Ili TP ya SELL ifunge, chati inatakiwa ishuke pipsi 1.4 zaidi ya TP yenyewe. Na SL yake inaguswa mapema, chati ikiwa bado haijafika.

Kwa hiyo BUY zangu nilipima sawa, kwa sababu nilianza kupima kwenye bei niliyoingilia na BUY inatokea kwa Bid ambayo ndo chati. SELL zote zilikuwa zimependelewa kwa pipsi 1.4 kila upande. Nimezirudia zote, pipsi 1.4 naitoa kwenye umbali, na SL naisogeza karibu kwa kiasi hichohicho. TP ya 30 ikashuka kutoka 57 mpaka 53. TP ya 40 kutoka 44 mpaka 41. Kwa anayedhani nne ni ndogo, kwenye TP ya 30 hizo nne ni pipsi 200 za jumla, maana kila moja ilikuwa +30 ikawa -20.

Ukitaka kuona mwenyewe bonyeza F8 kwenye chati, nenda kwenye sehemu ya Show, weka tiki kwenye mstari wa Ask. Mimi siuondoi tena.

Na tahadhari moja hapa. Ukishapima namna hii, kutoka bei uliyoingilia na kwa mstari sahihi wa kutokea, spredi imeshaingia ndani ya hesabu. Usiitoe tena kwenye faida kwa mara ya pili. Mimi nilifanya hivyo kwa siku mbili nikakaribia kuitupa njia nzima.

7 Julai 2024: namba zilizokaa, na chaguo

Hizi hapa baada ya marekebisho yote, tredi 120, SL 20. "Zilizoisha muda" ni zile zilizofungwa saa nne usiku.

| TP | Sare inadai | Zilizofika | Asilimia | SL | Zilizoisha muda | Jumla ya pipsi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 10 | 66.7% | 77 | 64.2% | 43 | 0 | -90 |
| 20 | 50% | 61 | 50.8% | 59 | 0 | +40 |
| 25 | 44.4% | 57 | 47.5% | 63 | 0 | +165 |
| 30 | 40% | 53 | 44.2% | 67 | 0 | +250 |
| 35 | 36.4% | 47 | 39.2% | 71 | 2 | +230 |
| 40 | 33.3% | 41 | 34.2% | 73 | 6 | +190 |
| 60 | 25% | 21 | 17.5% | 80 | 19 | -236 |

Ukiisoma kwenda chini unaona hadithi yote. Kwenye 10 njia yangu imeizidi shilingi (62%) kidogo tu, haitoshi kufika sare, spredi inakula sana kwenye lengo fupi. Kati ya 25 na 40 inaizidi sare. Kwenye 60 inaanguka chini hata ya shilingi, na sababu ni ileile ya ATR, siku inaisha kabla bei haijafika, tredi 19 zimebaki zinaelea mpaka saa nne usiku.

Nimechagua 30, yaani 1:1.5. Siyo tu kwa sababu ina +250. Nimeangalia majirani zake, 25 na 35 nazo ziko juu, kwa hiyo 30 imekaa katikati ya kilima chenye upana. Ingekuwa 30 ni +250 afu 25 na 35 ziko chini ya sifuri nisingeigusa, hiyo ingekuwa bahati ya tredi tatu nne zilizogeukia pale.

Sasa sehemu isiyofurahisha. 53 kati ya 120 ni sampuli ndogo. Ukipiga hesabu ya kosa, yaani mzizi wa 0.442 × 0.558 / 120, unapata kama 4.5%. Ukienda mara mbili yake kila upande, asilimia yangu ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 35 na 53. Sare ya 40 iko ndani humo. Kwa hiyo sijathibitisha kwamba njia hii inalipa, nimeonyesha tu kwamba kama inalipa, basi inalipia hapa katikati na siyo pale 60 nilipoacha dola 32. Na ziada yenyewe ni pipsi 250 kwa tredi 120, pipsi mbili hivi kwa tredi. Ni ndogo, hata spredi ya broka ikipanda kutoka 1.4 kwenda 3 imeliwa zaidi ya robo tatu yake.

Narudi laivu kesho, loti ileile 0.02, tredi 80, TP 30.

24 Novemba 2024: tredi 80 za laivu

Zimekwisha Ijumaa. TP kamili 30, SL 44, na sita nilizifunga kwa mkono.

Hizo sita ndo nataka nizieleze. Agosti nilipigwa SL saba mfululizo, dola 28 zikaondoka. Nilikuwa najua kwa hesabu kwamba linakuja, kwa njia inayopoteza 56% ya tredi zake, uwezekano wa kupoteza saba zinazofuatana kuanzia tredi yoyote ile ni karibu 1 kati ya 60, na mimi nilipanga tredi 80. Kujua kwenye karatasi na kukaa nalo ni vitu viwili. Baada ya ile ya saba, tredi iliyofuata ilipofika +12 nikaifunga. Nikafanya hivyo tena na tena mpaka Septemba, mara sita, jumla pipsi 78, wastani 13.

Nikirudi kuangalia zingeishia wapi: tano zilifika 30, moja ilipigwa SL. Ningeziacha ningekuwa na TP 35 na SL 45, pipsi +150. Nilichopata ni 900 toa 880 ongeza 78, pipsi +98. Mkono umenigharimu pipsi 52, dola 10.40.

Na angalia jinsi asilimia ilivyonificha hili. Ukihesabu zile sita kama ushindi, nimeshinda 36 kati ya 80, 45%, na ningeziacha ningeshinda 43.75%. Inaonekana kama nimeboresha! Lakini wastani wa ushindi wangu haukuwa tena pipsi 30, ulikuwa 978 gawanya 36, yaani 27.2. Sare yake ni 20 kwa 47.2, ni 42.4%, siyo 40. Nafasi yangu juu ya sare ilitoka 3.75 ikawa 2.6. Kila unapofunga mapema umebadilisha TP, na ukibadilisha TP sare imepanda hata kama hukuigusa kwenye oda. Kwa hiyo sasa kila Jumapili napiga sare kwa wastani wa ushindi na hasara uliotokea kweli, siyo kwa ile iliyoandikwa kwenye mpango.

Upande wa hasara nao haukuwa 20 kamili kila mara. SL tatu zilifungwa kupita bei niliyoweka, jumla pipsi 4 za ziada, mbili kati yake zilikuwa siku ya ripoti ya ajira za Marekani saa tisa na nusu alasiri. Kwa sasa siku hiyo nikiwa bado ndani dakika kumi kabla nafunga, na nimeanza kuziandika kwenye safu yake peke yake nione kama hatua hii nayo inagharimu.

Kwa pesa: +19.60 toa 0.80, faida dola 18.80 kwa miezi minne na nusu. Akaunti iko 385.20. Bado sijarudi pale 400 nilipoanzia.

Kinachofuata. Nimepiga hesabu nahitaji tredi ngapi ili tofauti ya asilimia 4 juu ya sare iwe mara mbili ya kosa la sampuli, inakuja kama 600. Kwa tredi nne kwa wiki hiyo ni karibu miaka mitatu, siwezi kusubiri, kwa hiyo narudi kwenye chati za nyuma mpaka 2021. Shida ni 2022. Mwaka ule euro ilishuka mpaka chini ya dola moja, siku zilikuwa ndefu sana kuliko hizi, na SL ya pipsi 20 pale ni kitu kingine kabisa. Nadhani itabidi SL na TP vyote viwe sehemu ya ATR badala ya pipsi za kudumu, nianze na SL theluthi moja ya ATR na TP nusu yake, ambayo bado ni 1:1.5. Safu ya F naigeuza iandike umbali kwa ATR. Hatua hiyo ikikamilika nitaongeza hapa, na SELL zote nitazipima kwa mstari wa Ask tangu ya kwanza.